Kwa Wanaosaka Watendaji Wakuu: Agizo Kwanza, Wasifu Baadaye

Barua ya wazi kwa kampuni na washauri wanaosaka watendaji wakuu, Dar es Salaam na Nairobi

Ndugu washauri,

Ujumbe uliingia saa tisa alasiri. Mkurugenzi wa fedha alikuwa kikaoni, simu yake imelazwa kifudifudi mezani. "Habari dada. Tuna nafasi ya juu sana ya fedha kwa kampuni kubwa ya uzalishaji Afrika Mashariki. Umependekezwa. Naomba wasifu wako kamili leo kabla ya saa kumi na moja, mteja anasubiri." Chini yake palikuwa na jina la mtu na jina la kampuni yake ya ushauri. Basi. Hapakuwa na mji, wala cheo cha bosi, wala neno moja la kueleza kwa nini nafasi iko wazi.

Mkurugenzi huyo hatajwi jina hapa, na kisa chake kimeshonwa kutokana na mambo yanayowapata wengi wa ngazi yake katika miji hii miwili. Lakini hakuna mshauri atakayeisoma barua hii asiujue ujumbe ule. Ameutuma mwenyewe, au ameuona ukitumwa kutoka meza ya jirani. Kinachofaa kusomwa kwa makini ni jibu alilolitoa, maana majibu ya aina hiyo mara nyingi huchukuliwa kuwa maringo, kisha jina la mtu likawekwa kando.

Hakutuma wasifu, na hakunyamaza pia. Usiku, akiwa nyumbani, kwa barua pepe yake binafsi na si ya ofisini, aliandika hivi:

"Ndugu, nashukuru kwa kunifikiria. Niko tayari kuzungumza kwa siri, na naomba jina langu lisifike kwa mtu yeyote kabla hatujaelewana kwa maandishi. Kabla ya kutuma wasifu kamili, naomba kufahamu mambo manne. Je, mteja amewapa rasmi kazi ya kumtafuta mtu wa nafasi hii, na ni ninyi peke yenu? Nafasi imekuwaje wazi, na atakayeishika ataripoti kwa nani? Mmefika hatua gani? Na wasifu wangu utasomwa na nani? Kama jina la mteja haliwezi kutajwa kwa sasa, naelewa. Nitashukuru kujua sekta, wamiliki ni watu wa aina gani, ukubwa wa kampuni na mji. Ili nisikupotezee muda, muhtasari wangu uko hapa chini. Napatikana kwa simu kesho baada ya saa kumi na mbili jioni."

Muhtasari wenyewe ulikuwa mistari sita. Mhasibu aliyesajiliwa, miaka 19 kwenye kazi za fedha, sita kati ya hiyo akiwa mkurugenzi wa fedha wa kiwanda cha bidhaa za nyumbani chenye mauzo yanayozidi shilingi bilioni 80 kwa mwaka. Timu ya watu 22. Mkopo mmoja wa benki tatu kwa pamoja alioujadili hadi ukasainiwa, na mfumo mpya wa hesabu aliousimamia tangu ununuzi hadi ukaguzi wa kwanza. Jina la mwajiri halikuwemo. Tarehe ya kuzaliwa haikuwemo. Wadhamini hawakuwemo.

Mshauri mzoefu anayepata mistari sita ya namna hiyo anajua ndani ya dakika moja kama mtu huyu anafaa kupigiwa simu. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mama huyu aliikwamisha kazi. Alitoa kile kinachohitajika katika hatua ile na kuzuia kile ambacho bado hakikuwa na kazi.

Swali lake la kwanza, lile la agizo rasmi, ndilo linalowakera wengi wenu, na ndilo lenye pesa ndani yake. Katika biashara hii kuna njia mbili za kulipwa. Ya kwanza ni ya kampuni inayolipwa na mteja tangu siku ya kusaini mkataba, kwa awamu, kwa sababu imepewa kazi ya kutafuta na si ya kuleta karatasi tu. Ada iliyozoeleka duniani kwa njia hii ni theluthi moja ya mapato ya mwaka wa kwanza ya atakayeajiriwa, na mara nyingi hugawanywa mafungu matatu. Njia ya pili ni ya wakala anayelipwa pale tu mtu aliyemleta anapoajiriwa, na mteja yuleyule anaweza kuwa amewaambia mawakala wanne jambo hilohilo.

Tupige hesabu ya nafasi ya mama huyu. Mshahara wa shilingi milioni 15 kwa mwezi ni milioni 180 kwa mwaka. Theluthi yake ni milioni 60, yaani mafungu matatu ya milioni 20, na mafungu ya kwanza hulipwa hata kabla mtu hajapatikana. Mshauri wa namna hii hana sababu ya kudai wasifu kabla ya saa kumi na moja. Sasa mchukue wakala wa njia ya pili, tuseme mwenye makubaliano ya asilimia 20. Anawania milioni 36, lakini akitanguliwa na mwenzake kwa saa mbili kuliwasilisha jina lilelile, anaambulia sifuri. Haraka yote ile inatoka hapo. Ni haraka ya mawakala wanaokimbizana wao kwa wao, na mara nyingi mteja mwenyewe hana habari nayo.

Na anayeumia mbio hizo zikigongana ni mwenye wasifu. Mawakala wawili wakimpeleka mtu mmoja kwa mteja mmoja, mteja anaona mgogoro wa ada ukimjia. Afisa rasilimali watu, ambaye hataki kesi, anaweza kuliondoa jina hilo kabisa na kuendelea na wengine. Mtu anaikosa kazi ambayo hata hakujua kwamba ameombewa mara mbili. Ndiyo maana "ni ninyi peke yenu?" ni swali la kujilinda tu.

Haina maana kwamba kampuni mbili haziwezi kupewa kazi moja kwa uwazi. IBM ilipotafuta mtendaji mkuu mpya mwaka 1993, baada ya kutangazwa Januari kwamba John Akers ataondoka, bodi iliajiri kampuni mbili hasimu kwa pamoja, Heidrick and Struggles na Spencer Stuart. Dunia nzima ilijua, na waliofuatwa walijua wanazungumza na nani na kwa niaba ya nani. Mwishoni mwa Machi mwaka huohuo akatangazwa Lou Gerstner, aliyekuwa akiongoza RJR Nabisco. Njia ya pili ya malipo nayo si haramu. Kwa nafasi za kati ndiyo kawaida. Mama huyu alitaka kujua tu amesimama kwenye njia ipi, ili aamue karatasi yake itembee kwa masharti gani.

Swali la nne, la nani atausoma wasifu, halieleweki mpaka mtu aufungue wasifu wa kwetu na kuutazama. Wasifu wa Kitanzania au wa Kikenya haufanani na ule wa Marekani. Juu kabisa huwa na tarehe ya kuzaliwa, mara nyingi hali ya ndoa, namba mbili za simu na anwani. Katikati yamo majina ya waajiri wote na miezi waliyofanyiwa kazi. Chini, kwenye ukurasa wa mwisho, wamo wadhamini watatu, kila mmoja na cheo chake, barua pepe yake na namba yake ya simu. Na mdhamini wa kwanza, kwa mazoea yetu, ni bosi wa sasa au aliyewahi kuwa bosi wa karibuni.

Karatasi hiyo ikipelekwa kwa mtu asiyejulikana ni hatari. Afisa kijana kwenye kampuni ya mteja, mwenye bidii nyingi na maelekezo machache, anaweza kumpigia mdhamini wa kwanza hata kabla mwenye wasifu hajaitwa kwenye usaili. "Shikamoo mzee, tunaomba maoni yako kuhusu fulani, ameomba kazi kwetu." Hapo imekwisha. Mtu ambaye hakuomba chochote, aliyefuatwa yeye akiwa kikaoni, Jumatatu anaitwa ofisini kueleza kwa nini anataka kuondoka. Na neno hilo, "ameomba", linastahili kuangaliwa na ninyi wenyewe. Mtu mliyemfuata si mwombaji. Mkimwandika mwombaji kwenye majedwali yenu, mtamtendea kama mwombaji.

Sheria nayo iko upande wake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze mtu huyo zinakusanywa kwa kusudi gani na zitapelekwa kwa nani. Kwa hiyo mama huyu alipouliza nani atausoma wasifu wake, alikuwa akiuliza jambo ambalo mliwajibika kumwambia hata kama asingeuliza.

Liko pia lile la kusitiri jina la mteja, na hapo haki haiko upande mmoja. Mnazo sababu nzuri za kutolitaja mapema. Anayekikalia kiti anaweza kuwa hajaambiwa kwamba ataondolewa. Kampuni inaweza kuwa imeorodheshwa kwenye soko la hisa, ambako habari ya kuondoka kwa mkuu wa fedha inaweza kusogeza bei. Si kila nafasi inafanana na ile ya Safaricom ya mwaka 2019, ambapo nchi nzima ilijua kiti kimebaki wazi kwa kuwa Bob Collymore alifariki Julai 1, Michael Joseph akashika usukani kwa muda, na Oktoba 24 akatangazwa Peter Ndegwa, aliyeanza kazi Aprili 1, 2020. Habari ikiwa hadharani hivyo, hakuna cha kuficha. Ikiwa haiko hadharani, mshauri hulazimika kupima maneno, na mtu wa ngazi ile analielewa hilo kuliko yeyote, kwa sababu naye ana siri za mwajiri wake anazozilinda kila siku.

Ndiyo sababu hakuuliza jina. Aliuliza sekta, wamiliki, ukubwa, mji, bosi, na chanzo cha nafasi kuwa wazi. Mambo hayo yanaweza kusemwa bila kumfichua mteja, na ndiyo yanayomtenga mwenye agizo na asiyekuwa nalo. Mshauri aliyepewa kazi kweli amekaa na mkurugenzi mtendaji, labda na mwenyekiti wa bodi pia. Ameandika maelezo ya nafasi. Anajua aliyepita ameondoka kwa kustaafu, kwa kugombana au kwa kuchukuliwa na mshindani, na anajua mwaka wa kwanza wa atakayekuja utapimwa kwa nini. Ukimuuliza, "Bodi inahangaika na nini hasa?", anajibu kwa sentensi nzima: mtaji wa uendeshaji umekauka, au wakaguzi wametoa hati yenye shaka, au mwekezaji mpya anataka ripoti za mwezi zifike tarehe tano.

Asiye na agizo hujibu kwa sifa. Kampuni ni "kubwa", mshahara ni "wa ushindani", nafasi ni "nzuri sana kwa mtu kama wewe". Ukimuuliza nafasi inaripoti kwa nani, anasema atauliza. Wateja wake ghafla wanakuwa "kadhaa". Wakati mwingine anataka hati ya mshahara kabla ya mazungumzo, au majina ya wenzako wawili watatu wa idara hiyohiyo. Huyo anajaza kabati lake la wasifu, akitumaini kwamba rundo zuri litamsaidia kwenda kuomba kazi kwa mteja ambaye bado hajamwajiri.

Hata huyo angeweza kuheshimiwa kama angesema ukweli. "Sina agizo bado, ila naifahamu sekta yenu na ningependa tujuane" ni sentensi halali kabisa. Watu wengi wa ngazi ya juu wangeikubali na kunywa naye kahawa, bila karatasi yoyote kubadilishana mikono.

Turudi kwa mama yetu. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu jioni, simu iliita. Hakuwa yule aliyetuma ujumbe, bali mshauri mwenyewe, mtu mzima wa sauti ya taratibu, aliyeanza kwa kuomba radhi. Ujumbe ulitumwa na mtafiti wao kijana, ambaye kazi yake ni kuandaa orodha ndefu ya majina na ambaye alipewa siku tatu kuikamilisha. Majibu ya maswali manne kijana huyo alikuwa nayo mezani. Hakuna aliyemwambia ayaweke kwenye ujumbe.

Mshauri aliyatoa moja baada ya jingine. Mkataba ulisainiwa wiki tatu zilizopita, na kampuni yake ilikuwa peke yake. Mteja ni mtengenezaji wa vifaa vya ujenzi, kampuni ya familia ambayo mwaka uliotangulia iliuza sehemu ya hisa kwa mfuko wa uwekezaji. Mkuu wa fedha wa sasa anastaafu Juni na mwenyewe ameshiriki kuandika maelezo ya nafasi. Atakayemrithi ataripoti kwa mkurugenzi mtendaji, na atakuwa na njia ya moja kwa moja kwenda kwa kamati ya ukaguzi ya bodi. Majina kumi na moja yako kwenye orodha ndefu. Watano watapelekwa kwa mteja.

Kisha likaja la nne. Wasifu utasomwa na mkurugenzi mtendaji, na mwakilishi wa mfuko kwenye bodi.

Mama akauliza mfuko upi. Mshauri akasita, akamwomba ahadi ya kutunza siri, akaipata, akautaja. Kwenye simu pakawa kimya kidogo. Mwakilishi wa mfuko uleule, mtu yuleyule, alikuwa amekaa kwenye kikao cha siku iliyopita, viti viwili kutoka ile simu iliyolazwa kifudifudi. Ni mjumbe wa bodi ya mwajiri wake wa sasa.

Anayeifahamu biashara ya miji hii hatashangaa. Wenye mitaji ya kutosha kununua sehemu ya kiwanda si wengi, na wanaoaminiwa kukaa kwenye bodi ni wachache zaidi. Mtu mmoja anaweza kuwa na viti vitatu. Hakuna mtafiti awezaye kulijua hilo kwa kila jina analoliandikia. Anayelijua ni mwenye wasifu mwenyewe, na atalisema ikiwa tu ameulizwa, au amepewa nafasi ya kuuliza.

Walichokifanya baada ya hapo ni mfano wa kazi ikifanywa vizuri. Mshauri hakusema "usijali". Aliomba siku mbili. Alizungumza na mkurugenzi mtendaji wa mteja bila kutaja jina, akamweleza kwamba mmoja wa watu wazuri ana mgongano wa bodi, na wakakubaliana kwamba mwakilishi wa mfuko ataletewa orodha katika hatua ya mwisho tu, ikiwa mtu huyo atafika huko na ikiwa mwenyewe ataridhia. Kwenye karatasi zote za kabla ya hapo angeitwa Mtahiniwa wa Nne. Makubaliano hayo yakaandikwa kwa mistari minne ya barua pepe: wasifu huu ni kwa nafasi hii, kwa mteja huyu, kwa msomaji huyu mmoja, hautahifadhiwa kwa matumizi mengine bila ruhusa, hakuna mdhamini atakayepigiwa simu kabla ya mwenyewe kusema ndiyo.

Ijumaa usiku alituma wasifu. Kurasa mbili, jina la mwajiri likiwemo sasa, tarehe ya kuzaliwa ikiwa imeachwa. Mahali pa wadhamini paliandikwa kwamba majina yatatolewa baada ya usaili wa pili.

Ombi la barua hii, ndugu washauri, linawahusu wale watafiti wenu vijana, kwa maana wao ndio wanaobisha hodi kwanza. Waambieni wayaweke majibu manne kwenye ujumbe wao wa kwanza. Ujumbe wa saa tisa ungeweza kuandikwa hivi, na bado ukasomeka kwenye kioo cha simu bila kuvutwa chini mara nyingi:

"Habari za mchana. Tumepewa rasmi, na ni sisi peke yetu, kazi ya kumtafuta mkuu wa fedha wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam, inayomilikiwa na familia pamoja na mfuko wa uwekezaji. Aliyepo anastaafu Juni. Anaripoti kwa mkurugenzi mtendaji. Tuko kwenye orodha ndefu. Hatuhitaji wasifu sasa. Tukikupigia jioni, ni saa ngapi hutakuwa na watu karibu?"